Visanduku Kumi na Vitano

Mwalimu hakuanza na maswali. Alianza na kitabu cha kumbukumbu za mada zilizofundishwa. Alikifungua juu ya meza ya ofisi ya walimu, akaweka kidole kwenye wiki ya kwanza ya muhula, akaanza kuhesabu vipindi. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, katika shule iliyo nje kidogo ya mji wa Handeni. Wanafunzi wa bweni walikuwa wakifua nguo huko nyuma, na ofisini tulikuwa wawili tu na chupa ya chai. Nilikuwa nimekuja kumtazama akitunga mtihani wa muhula wa Kiswahili, kidato cha pili, na kwa saa nzima ya kwanza sikuona hata swali moja likiandikwa.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa ujirani mwema, kama walimu wanavyouita. Shule yake na shule moja ya Korogwe zingefanya karatasi moja, siku moja, kisha walimu wasahihishe kwa mwongozo mmoja. Mwenzake wa Korogwe, kijana ambaye hajamaliza miaka mitano kazini, alikuwa amepiga picha kurasa za kitabu chake na kuzituma kwa simu. Mwalimu aliziegemeza picha hizo kwenye chupa ya chai, akawa anatazama huku na huku kama mtu anayelinganisha risiti mbili za mzigo mmoja.

“Azimio la kazi linasema nilitaka kufundisha nini,” alinieleza bila kuinua macho. “Hiki kinasema nilifundisha nini. Mtoto anatahiniwa kwa hiki.”

Azimio lilikuwa na vipindi 50. Vilivyofundishwa kweli katika shule zote mbili vilikuwa 41. Penye tofauti ya kipindi kimoja kimoja kati yake na mwenzake, alichukua idadi ndogo. Tofauti kubwa ilikuwa katika uandishi. Yeye alikuwa amefundisha barua rasmi kwa vipindi sita na matangazo kwa vipindi vinne. Korogwe walikuwa wameishia kwenye barua, kwa kuwa mvua na michezo vilikula siku zao. Alilitazama neno “matangazo” kwa muda. Nilijua ni somo alilolipenda, maana ukutani bado palikuwa na matangazo ya wanafunzi wake, ya mbuzi aliyepotea na ya mkutano wa kijiji, yameandikwa kwa kalamu za rangi. Alichukua rula, akapiga mstari juu ya neno hilo.

Kazi hii ina jina. Wanaotunga mitihani nchini wanaiita jedwali la utahini, na mwalimu yeyote aliyepita chuo cha ualimu amelichora walau mara moja ili apate alama zake mwenyewe. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, huweka katika fomati zake mgawanyo wa namna hiyo, ili karatasi ya mwaka huu isiwe nyepesi na ya mwakani nzito kwa sababu tu mtungaji kabadilika. Lakini kati ya kulichora chuoni na kulichora ofisini Jumamosi, wakati hakuna anayekagua, kuna umbali mrefu. Mimi mwenyewe nilifundisha miaka kadhaa, na mitihani yangu niliitunga kutoka kichwani, usiku, nikianza na swali lililonijia kwanza. Mara moja tu nilijumlisha alama baadaye, nikakuta zaidi ya nusu ziko kwenye mada moja, ile niliyoipenda. Mwanafunzi aliyekosa wiki mbili za mada hiyo kwa malaria alikuwa ameshafeli kabla ya kukaa.

Mwalimu alichana karatasi ya miraba kutoka kwenye daftari, akaichora kwa penseli. Kushoto aliziandika mada tano, kila moja na vipindi vyake: ujenzi wa maneno 14, rejesta 6, uhakiki wa fasihi simulizi 11, uandishi wa barua rasmi 6, ufahamu 4. Hesabu inayofuata ni ya darasa la sita: vipindi vya mada, gawanya kwa 41, zidisha kwa 100. Alibonyeza kikokotoo, akaandika majibu pamoja na desimali zake, bila kukadiria kwanza: 34.15, 14.63, 26.83, 14.63 na 9.76.

Hapo ndipo niliposogeza kiti. Ukikadiria kila namba kwa kawaida unapata 34, 15, 27, 15 na 10, na jumla yake ni 101. Alama moja imezidi. Ni jambo dogo, na nimeona wengi wakilimaliza kwa kupunguza popote, mara nyingi kwenye mada yenye alama nyingi kwa sababu haitaumia. Mwalimu alifanya kinyume. Alizishusha namba zote kwanza, akabaki na nambari nzima tu, 34, 14, 26, 14 na 9, ambazo jumla yake ni 97. Alama tatu zikawa mkononi. Akazitoa moja moja kwa kufuata desimali iliyo kubwa. Ya kwanza ikaenda fasihi, yenye .83. Ya pili ikaenda ufahamu, yenye .76. Ya tatu ikawa na wadai wawili, rejesta na barua, kila mmoja na .63.

“Sasa hapa hesabu imenyamaza,” alisema. Aliipa barua. Barua ingekuwa swali moja kubwa, na alama 15 hugawanyika vizuri zaidi katika mwongozo wa usahihishaji kuliko 14. Kisha, pembeni kabisa mwa karatasi, kwa herufi ndogo, akaandika sababu hiyo. Hakuna aliyemwomba aiandike.

Baada ya safu za mada zilikuja nguzo za fikra. Ngazi sita za utambuzi ambazo Benjamin Bloom na wenzake Wamarekani walizichapisha mwaka 1956, na ambazo Anderson na Krathwohl walizipanga upya mwaka 2001, anazijua kwa moyo: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kuunda. Wengi huzichora zote sita kwa sababu kitabu kinasema sita. Yeye alichora nguzo tatu tu. Nilipomuuliza, alinionyesha safu ya ufahamu yenye alama kumi. Ukiigawa mara sita, kila kisanduku kinabaki na alama moja au mbili, na swali la alama moja la “kutathmini” ni swali la jina tu. Mtoto hana nafasi ya kutathmini chochote ndani ya alama moja. Kwa hiyo kukumbuka ikawa nguzo ya kwanza, kuelewa ya pili, na zote zilizobaki akazifunga pamoja chini ya neno “kutumia”. Kwa kidato cha pili katikati ya mwaka, alipanga alama 30, 30 na 40.

Mada tano mara nguzo tatu ni visanduku kumi na vitano. Angeweza kuvijaza kwa kikokotoo, kila safu ikikatwa kwa uwiano uleule, na kwa kweli alifanya hivyo kwanza, kwa penseli nyepesi sana. Halafu akaanza kuvisoma kimoja kimoja kama msahihishaji. Kikokotoo kilikuwa kimeweka alama tatu za kukumbuka katika ufahamu. Alicheka. Habari ya ufahamu ni mpya, mtoto anaiona kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani, basi atakumbuka nini? Akafuta, akaandika sifuri, na zile tatu akazihamishia kuelewa.

Kila ukigusa kisanduku kimoja, safu yake na nguzo yake zote mbili zinayumba, na utulivu wake katika kuzirudisha ndio ulionishika. Kila kitu alikifanya kwa penseli na kifutio, na baada ya kila badiliko alijumlisha kwenda chini, kisha kwenda kulia. Aliupa ujenzi wa maneno alama 12 za kukumbuka, 10 za kuelewa na 12 za kutumia. Rejesta akaipa 6, 4 na 4. Barua yote, alama 15, akaiweka chini ya kutumia, kwa kuwa kuandika barua ni kutenda. Zilizobaki zikaangukia fasihi, na matokeo yake yakamkunja uso: kukumbuka 12, kuelewa 10, kutumia 5. Jumla zote zilikuwa sahihi. Lakini mada inaitwa uhakiki, alisema, na uhakiki wenye alama tano za kufikiri na kumi na mbili za kutaja tanzu na vipera ni kasuku.

Alikaa kimya, akamimina chai, akainywa nusu. Nilidhani angevunja ile 30, 30, 40, jambo ambalo halikatazwi, kwa kuwa ni namba alizozipanga mwenyewe. Badala yake alivuta mwongozo wa usahihishaji wa barua wa muhula uliopita, akausoma taratibu. Anwani mbili, tarehe, kichwa cha barua, jina na sahihi ya mwandishi. Alama nne zilikuwa zikitolewa kwa muundo, na muundo wa barua rasmi hukaririwa. Mtoto anaweza kuzipata zote nne bila kuandika sentensi moja yenye maana. Kwa hiyo barua haikuwa kutumia yote. Alama nne zake zilikuwa za kukumbuka tangu zamani, ila zilikuwa zimejificha ndani ya swali lenye sura ya utendaji.

Akazihamisha zile nne. Barua ikawa na 4 za kukumbuka na 11 za kutumia. Nguzo ya kukumbuka sasa ilikuwa na ziada ya nne, akazitoa kwenye fasihi, akazirudisha upande wa kutumia wa fasihi hiyohiyo. Alijumlisha chini, akajumlisha kulia. Hakuna kilichozidi wala kupungua.

| Mada | Vipindi | Kukumbuka | Kuelewa | Kutumia | Alama |
|---|---|---|---|---|---|
| Ujenzi wa maneno | 14 | 12 | 10 | 12 | 34 |
| Rejesta | 6 | 6 | 4 | 4 | 14 |
| Uhakiki wa fasihi simulizi | 11 | 8 | 10 | 9 | 27 |
| Barua rasmi | 6 | 4 | 0 | 11 | 15 |
| Ufahamu | 4 | 0 | 6 | 4 | 10 |
| Jumla | 41 | 30 | 30 | 40 | 100 |

Ndipo alipoanza kutunga maswali, na kila swali lilikuja likiwa na kisanduku chake, kama mtungi unaotafutiwa kata yake. Alianza na kile cha ujenzi wa maneno upande wa kutumia, chenye alama 12. Swali la kwanza lililomjia lilikuwa la kubainisha viambishi katika neno “anacheza”. Kwa sura, ni swali la kuchambua: mtoto anapewa neno, analikata, anataja kazi ya kila kipande. Lakini aligeuza kurasa za maandalio yake akaonyesha kwamba “anacheza” ndilo neno alilolikatakata ubaoni katika kipindi cha tatu. Kwa wanafunzi wake, jibu lipo daftarini. Kwa wa Korogwe, huenda halipo. Swali moja lingekaa katika visanduku viwili tofauti kwa kutegemea mtoto alikaa darasa gani, na kitenzi “bainisha” kisingemwambia mtungaji lolote juu ya hilo.

Alimpigia simu mwenzake.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mdogo wangu. Darasani ulikata maneno gani?”

Kijana alimsomea orodha. Mwalimu aliiandika pembeni ya orodha yake mwenyewe, akatafuta neno lisilokuwemo katika zote mbili. Akapata “hawakulimiana”. Ni neno ambalo mtoto yeyote wa huku analielewa, maana mashamba ya mahindi yako kila upande, na lina mofimu saba: ha- ya ukanushi, wa- ya nafsi, -ku- ya wakati uliopita katika ukanushi, mzizi -lim-, kisha -i- ya kutendea, -an- ya kutendana, na -a ya kiishio. Mofimu saba, alama saba. Alama tano zilizobaki kisandukuni alizipeleka kwenye swali la kuunda nomino tano kutokana na vitenzi vitano, navyo pia vikapita kwenye orodha zile mbili kabla ya kukubaliwa.

Katika rejesta alikwama mahali ambapo jedwali haliwezi kumsaidia mtu. Alitaka mazungumzo mafupi ambayo mtoto atayasoma, ataje ni rejesta ya wapi, kisha atoe vithibitisho vitatu, alama nne kwa jumla. Rasimu ya kwanza ilikuwa ya utingo wa basi akiita abiria wa Segera, Mkata na Chalinze. Ilichangamka, nami niliipenda. Aliisoma mara mbili akaiondoa. Mtoto wa Korogwe amekua kando ya barabara kuu ya mabasi, anaisikia lugha hiyo kila siku. Wapo watoto wake wanaotoka ndani kabisa Handeni ambao hupanda basi mara chache kwa mwaka. Kisanduku kingesema alama nne za kutumia, na kwa nusu ya watahiniwa zingekuwa alama nne za mahali ulipozaliwa. Akaandika upya mazungumzo ya mnunuzi na muuza nyanya gulioni, kwa kuwa gulio liko pande zote mbili.

Sehemu ya maswali ya kuchagua aliipita haraka, na mimi nitaipita hivyo pia. Lakini palikuwa na jambo moja katika sehemu ya mwisho ambalo sikuwahi kulifikiria. Mtihani wa muhula uliopita ulikuwa na maelekezo ya kujibu maswali mawili kati ya matatu: moja la fasihi, moja la barua, moja la ujenzi wa maneno. Ukimruhusu mtoto aache swali la fasihi, alinieleza, umemruhusu afute safu yako. Darasa zima linakaa katika chumba kimoja likifanya mitihani mitatu tofauti, halafu unazipanga alama zao katika orodha moja kana kwamba ni mmoja. Safari hii uchaguzi aliuacha ndani ya swali la barua peke yake: andika kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa, au kwa mtendaji wa kijiji kuomba uwanja. Barua mbili, kisanduku kilekile, alama zilezile.

Muda aliupima mwishoni. Karatasi ni ya saa mbili na nusu, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama, kwa hiyo barua ya alama 15 inapata kama dakika 22. Alichukua saa yake ya mkononi akaiandika barua hiyo mwenyewe, kwa mwendo wa mtoto anayefikiri. Dakika kumi na tisa. Akaridhika.

Kazi ilikuwa bado. Jumatatu yake nilirudi, nikamkuta ametuma maswali yote Korogwe bila jedwali. Kijana alikuwa amepewa kiunzi kitupu chenye visanduku kumi na vitano, ajaze mwenyewe kila swali analoliona linakaa wapi, bila kujua mtungaji aliliweka wapi. Majibu yalikuja jioni kwa simu, na mwalimu akayapanga kando ya yake. Walikuwa wamepishana katika vipengele vinne. Vitatu walivimaliza kwa mazungumzo mafupi. Cha nne kilikuwa swali la alama mbili: eleza maana ya methali “Haba na haba hujaza kibaba.” Yeye aliliweka katika kuelewa. Kijana aliliweka katika kukumbuka.

“Kwa nini?”

“Maana yake niliwaandikia, mwalimu. Imo kwenye notisi, neno kwa neno.”

Mwalimu alinyamaza kidogo. “Umenishinda,” akasema, na nikasikia kijana akicheka upande wa pili kwa aibu. Alifuta swali, akaandika jingine: maelezo ya mistari mitatu juu ya mama aliyenunua cherehani kwa kuweka kando fedha za mihogo kila siku ya gulio, na mtoto ataje methali inayofaa na aeleze kwa nini inafaa. Alama mbili, kuelewa. Alijumlisha tena chini na kulia, ingawa alama hazikuwa zimebadilika.

Jedwali alilinakili kwa kalamu ya wino mara mbili. Nakala moja aliitia ndani ya bahasha pamoja na mwongozo wa usahihishaji, akaifunga kwa gundi, akapiga sahihi yake juu ya mkunjo, iende Korogwe asubuhi. Nakala ya pili aliikunja akaiweka kwenye kitabu cha kumbukumbu, katika ukurasa wa wiki ya mwisho. Kabla ya kukifunga alichukua tena ile penseli, na chini ya jumla akaandika: matangazo, vipindi 4, muhula wa pili.